Kiwango cha jumla kimepanda, cha kila kifurushi kimeshuka: jinsi ya kutafuta chanzo

Ripoti ya mwezi imefika. Mstari wa juu unasema kwamba kati ya waliofungua majaribio ya bure, waliolipa wamepanda kutoka asilimia 14.8 hadi 16.3. Unateremka kuangalia kifurushi kimoja kimoja, na kila kimoja kimeshuka. Vyote, bila kubakiza hata kimoja. Mtu wa kwanza kuliona jambo hili husema dashibodi imeharibika. Wa pili husema aliyetoa data amekosea kuchuja. Wa tatu huchagua mstari unaompendeza, anaupeleka kwenye kikao, na mwingine anaunyamazia. Huyo wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi, kwa sababu jedwali hilohilo linaweza kubeba habari njema au habari mbaya, na mstari aliouchagua hautamwambia ni ipi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni programu ya simu ya kutunza hesabu za duka: mauzo ya siku, madeni ya wateja, mzigo uliobaki stoo. Ina vifurushi vitatu. Mwanzo ni cha muuzaji mmoja, Duka kinaruhusu wafanyakazi kadhaa, na Kampuni ni cha mwenye matawi. Kila mmoja hujaribu bure kwa siku 14, kisha hulipa au huondoka. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe duara ili hesabu ifuatike kwa kalamu na karatasi.

| Kifurushi | Majaribio Aprili | Waliolipa | Kiwango | Majaribio Mei | Waliolipa | Kiwango |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Mwanzo | 6,000 | 480 | 8% | 4,000 | 280 | 7% |
| Duka | 3,000 | 600 | 20% | 4,500 | 810 | 18% |
| Kampuni | 1,000 | 400 | 40% | 1,500 | 540 | 36% |
| Jumla | 10,000 | 1,480 | 14.8% | 10,000 | 1,630 | 16.3% |

Kwanza: je, vifurushi vinajumlika?

Kabla ya kutafuta maelezo ya kina, jumlisha. Majaribio ya vifurushi vyote yakijumlishwa yawe sawa na majaribio ya mstari wa jumla, na waliolipa vivyo hivyo. Hapa vinajumlika: 280 na 810 na 540 ni 1,630. Kazi hii ni ya dakika mbili, na imewahi kuniokolea siku nzima, kwa sababu mara nyingi jumla na vifurushi huwa havihesabu kitu kimoja.

Jumla ya vifurushi ikizidi mstari wa jumla, kuna watu wanaohesabiwa mara mbili. Mtu amefungua jaribio la Mwanzo, baada ya siku tatu akafungua la Duka. Kwenye mstari wa jumla yeye ni mtu mmoja, kwenye vifurushi ni majaribio mawili. Watu wa namna hiyo wakiongezeka, kila kifurushi kitaonekana kimeshuka hata kama hakuna aliyebadilisha tabia, maana idadi ya majaribio ya kila kifurushi imevimba.

Jumla ya vifurushi ikipungua, kuna kundi lisiloonyeshwa. Mara nyingi ni wale ambao safu yao ya kifurushi iko tupu, kwa mfano waliosajiliwa na wakala kupitia fomu nyingine. Wamo kwenye jumla lakini hawana mstari wao, na kama wanalipa vizuri wanaweza kuipandisha jumla peke yao huku wewe ukikuna kichwa.

Hila ya tatu haionekani kwa kujumlisha majaribio peke yake, nayo ndiyo ninayokutana nayo zaidi: tarehe. Mstari wa jumla unagawa malipo yaliyoingia Mei kwa majaribio yaliyofunguliwa Mei. Mistari ya vifurushi inawafuata watu waliofungua majaribio Mei na kuuliza wangapi kati yao wamelipa. Ukiitazama ripoti tarehe 2 Juni, aliyefungua jaribio tarehe 25 Mei bado yumo ndani ya siku zake 14. Hajakataa kulipa, siku yake haijafika. Hapo vifurushi vyote hushuka kwa pamoja kwa sababu kundi ni changa, huku jumla ikifaidi malipo ya watu wa Aprili. Dawa yake ni kuhesabu kila mtu kwa tarehe aliyofungua jaribio, na kungoja siku 14 zipite kwa mtu wa mwisho, pamoja na siku chache za waliochelewa. Kwa kundi la Mei, hesabu ya kuaminika haipatikani kabla ya katikati ya Juni.

Na kuna kosa la safu ya kifurushi yenyewe. Hifadhidata nyingi huweka kifurushi cha sasa cha mteja na kufuta cha zamani kila anapohama. Aliyejaribu Mwanzo akalipia Duka ataonekana kana kwamba tangu mwanzo alikuwa wa Duka. Kwa hiyo tumia kifurushi alichochagua siku ya kwanza, kwa majaribio na kwa waliolipa:

```sql
SELECT date_trunc('month', tarehe_ya_jaribio) AS mwezi,
       kifurushi_siku_ya_kwanza AS kifurushi,
       COUNT(*) AS majaribio,
       SUM(CASE WHEN alilipa_ndani_ya_siku_17 THEN 1 ELSE 0 END) AS waliolipa
FROM majaribio
GROUP BY 1, 2
ORDER BY 1, 2;
```

Kama baada ya hayo yote jedwali limebaki vilevile, dashibodi haijaharibika. Kinachoonekana ndicho kilichotokea.

Kwa nini jambo hili linawezekana

Muuza samaki anauza dagaa kwa bei ya chini na nguru kwa bei ya juu. Mwezi huu bei ya dagaa imeshuka kidogo, na ya nguru imeshuka kidogo. Lakini mwezi uliopita meza yake ilijaa dagaa, na mwezi huu imejaa nguru. Akigawa mapato yake kwa kilo alizouza, wastani wa bei kwa kilo umepanda. Hakuna samaki hata mmoja aliyepanda bei. Kilichobadilika ni kile kilicholala mezani.

Kiwango cha jumla ni wastani wa namna hiyo. Kila kifurushi huchangia kwa kadiri ya watu kilichonao. Aprili, watu 60 katika kila 100 walikuwa kwenye Mwanzo, kifurushi ambacho wachache hulipa. Mei wamebaki 40, na nafasi yao imechukuliwa na vifurushi ambavyo wengi hulipa. Uzito umehamia upande wa juu wa mizani, na umehama kwa nguvu kuliko viwango vyenyewe vilivyoshuka.

Wanatakwimu wanaliita kitendawili cha Simpson, kwa sababu ya makala ya Edward Simpson ya mwaka 1951, ingawa Udny Yule alikuwa ameshalieleza mwaka 1903. Jina si muhimu sana hapa. Muhimu ni sharti lake: ili jambo hili litokee, viwango vya vifurushi lazima vitofautiane, na mgawanyo wa watu lazima ubadilike. Kama vifurushi vyako vyote hulipiwa kwa asilimia 18 hadi 20, kuhama kwa watu hakuwezi kuipandisha jumla zaidi ya pointi 2 hata wakihama wote. Na kama mgawanyo haukubadilika, vifurushi vyote haviwezi kushuka huku jumla ikipanda. Ukiona hivyo, rudi kwenye kujumlisha.

Kuipasua tofauti vipande viwili

Jumla imepanda kwa pointi 1.5. Kiasi gani kinatokana na mgawanyo, na kiasi gani na viwango? Chukua mgawanyo wa Mei, uupe viwango vya Aprili, kana kwamba watu walihama lakini kila kifurushi kikabaki na nguvu zake za zamani:

```
0.40 × 8% + 0.45 × 20% + 0.15 × 40% = 18.2%
```

Kutoka 14.8 hadi 18.2 ni pointi 3.4 juu: hiyo ni kazi ya mgawanyo. Kutoka 18.2 hadi 16.3 iliyotokea kweli ni pointi 1.9 chini: hiyo ni kazi ya viwango. Ukijumlisha, 3.4 kutoa 1.9 ni 1.5, na hesabu imefunga.

Unaweza pia kwenda njia ya pili, yaani mgawanyo wa Aprili na viwango vya Mei. Utapata asilimia 13.2, na vipande vitakuwa pointi 1.6 chini kwa viwango na 3.1 juu kwa mgawanyo. Namba zinatofautiana kidogo kwa sababu mgawanyo na viwango vilibadilika kwa wakati mmoja, na kila njia inaipeleka sehemu hiyo ya pamoja upande wake. Evelyn Kitagawa, mtaalamu wa takwimu za watu, aliandika mwaka 1955 jinsi ya kuchukua katikati ya njia hizo mbili. Hapa ingekuwa pointi 3.25 juu na 1.75 chini. Chagua njia moja, iseme wazi kwenye ripoti, na usiibadilishe mwezi ujao kwa kuwa nyingine imependeza.

Wengi huishia hapa. Husema: "Athari ya mgawanyo tuiondoe, ukweli ni kwamba tumeshuka pointi 1.9." Nami nasema subiri. Hesabu hiyo imekuonyesha vipande, haijakuonyesha sababu. Kuiondoa athari ya mgawanyo ni halali tu kama mgawanyo ulibadilika kwa jambo lisilohusiana na unachokipima.

Jedwali moja, visa viwili

Kisa cha kwanza. Mwisho wa Aprili kampuni iliacha kulipia tangazo la bei nafuu lililokuwa likiwaleta wauzaji wadogo, ambao karibu wote huchagua Mwanzo. Wakati huohuo mawakala wa mauzo walianza kutembelea maduka ya jumla, wakaleta watu wa Duka na Kampuni. Mgawanyo umebadilika kwa sababu *wamekuja watu wengine*. Halafu, mbali na hayo, ukurasa wa malipo ulibadilishwa tarehe 3 Mei, na sasa ombi la kuthibitisha malipo kwa simu huchelewa, wengine hukata tamaa. Kila kifurushi kinaumia.

Katika kisa hiki, kupanda kwa jumla ni pazia. Watu waliokuja Mei, kwa vifurushi walivyochagua, wangelipa kwa viwango vya Aprili, wangekuwa 1,820. Wamelipa 1,630. Maduka 190 yamekwama mlangoni yakiwa na pesa mkononi, na mtu anayeusoma mstari wa juu peke yake anapongeza timu.

Kisa cha pili. Matangazo ni yaleyale, watu ni walewale. Kilichobadilika ni ukurasa wa bei: zamani Mwanzo kilitangulia na ndicho kilichokuwa kimetiwa alama tayari, lakini tangu Mei mosi mtu huulizwa kwanza ana wafanyakazi wangapi na matawi mangapi, kisha anapendekezewa kifurushi. Watu 2,000 ambao zamani wangeangukia Mwanzo sasa wamehama, 1,500 kwenda Duka na 500 kwenda Kampuni. Ukitazama jedwali tena, Mwanzo imepoteza 2,000 kamili na vingine viwili vimepata 2,000 kamili.

Sasa tufuate hao waliohama. Tuseme waliobaki Mwanzo hawajabadilika: walikuwa wakilipa kwa asilimia 7 na bado wanalipa kwa asilimia 7. Aprili Mwanzo kilikuwa na walipaji 480, na 4,000 wa aina ya waliobaki walikuwa 280 kati yao. Wale 2,000 wa aina ya waliohama walikuwa basi 200, yaani asilimia 10. Walikuwa bora kuliko wenzao, kwa hiyo walipoondoka wastani wa Mwanzo ulishuka kutoka 8 hadi 7 bila yeyote aliyebaki kubadilika.

Upande wa pili, wateja wa asili wa Duka bado ni 3,000 na bado wanalipa kwa asilimia 20, yaani 600. Waliolipa wote ni 810, kwa hiyo wageni 1,500 wameleta 210, sawa na asilimia 14. Kwenye Kampuni wenyeji wameleta 400 yao, na wageni 500 wameleta 140, asilimia 28. Wageni ni dhaifu kuliko wenyeji wao, wameteremsha wastani wa nyumba waliyoingia. Lakini wao wenyewe wamefanya nini? Wamelipa 350 kati ya 2,000, asilimia 17.5, wakati zamani wangelipa 200. Maduka 150 yamepata kifurushi kinachoyafaa na yamelipa. Hakuna mtu hata mmoja aliyefanya vibaya kuliko Aprili, na bado kila kifurushi kimeshuka.

Ndiyo maana nasisitiza. Jedwali ni lile lile, herufi kwa herufi. Kwa kisa cha kwanza umepoteza 190. Kwa kisa cha pili umepata 150, na mtu akiondoa athari ya mgawanyo atauondoa ushindi wenyewe, kisha atarudisha ukurasa wa zamani akidhani anarekebisha kosa.

Tofauti ya visa hivi ni swali moja: kifurushi kilikuja kabla au baada ya jambo unalolipima? Kwenye kisa cha kwanza unapima ukurasa wa malipo, na mtu alishachagua kifurushi kabla ya kuufikia. Kifurushi kinakueleza ni nani aliyefika; linganisha ndani ya kifurushi. Kwenye kisa cha pili unapima ukurasa wa bei, na kifurushi ni *tokeo* la ukurasa huo. Ukilinganisha ndani ya kifurushi unalinganisha watu ambao si walewale, ingawa wamebeba jina lilelile. Hapo tazama jumla.

Madaktari wamepita njia zote mbili kabla yetu. Mwaka 1986 watafiti wa Uingereza walilinganisha matibabu ya mawe ya figo. Upasuaji wa wazi ulifaulu kwa wagonjwa 273 kati ya 350, asilimia 78. Njia mpya ya tundu dogo ilifaulu kwa 289 kati ya 350, asilimia 83. Lakini kwa mawe madogo upasuaji ulishinda, asilimia 93 dhidi ya 87, na kwa mawe makubwa ulishinda pia, 73 dhidi ya 69. Upasuaji ulikuwa umepewa zaidi wagonjwa wenye mawe makubwa. Ukubwa wa jiwe ulikuwapo kabla ya tiba kuchaguliwa, kwa hiyo namba za ndani ya makundi ndizo za kusikilizwa. Mwaka 1985 Alvan Feinstein na wenzake walikuwa wameonyesha kinyume chake kwa saratani ya mapafu. Vipimo vipya vya picha viliwatoa wagonjwa kwenye hatua za mwanzo na kuwaweka kwenye hatua za mbele, na muda wa kuishi ukaonekana umeboreka katika kila hatua, wakati kilichobadilika ni lebo. Kisa chetu cha pili ni cha ukoo huo, ila kimegeuzwa: kwao lebo zilipandisha makundi yote, kwetu zimeyashusha yote.

Utajuaje uko kwenye kisa kipi

Anza na idadi, siyo asilimia. Kama jumla ya majaribio imesimama palepale na alichopoteza mmoja wamepata wengine, shuku watu kuhama. Kama jumla imebadilika, au Mwanzo kimepungua bila vingine kuongezeka, shuku matangazo na mawakala. Hii ni dalili tu, kwa kuwa idadi zinaweza kulingana kwa bahati.

Kisha chora mgawanyo wa vifurushi siku kwa siku. Ukurasa uliobadilishwa Mei mosi utaacha ngazi: asilimia 60 za Mwanzo tarehe 30 Aprili, 40 kesho yake. Mabadiliko ya soko huteremka polepole kama mlima. Chora na kiwango cha kila kifurushi kwa tarehe ya kufungua jaribio. Ngazi ya mgawanyo na ngazi ya viwango zikiangukia siku moja, yaelekea zina chanzo kimoja. Zikitengana siku kadhaa, una mambo mawili tofauti na itabidi uyatafute yote mawili. Kumbuka tu kwamba ukurasa wa malipo ulioharibika tarehe 3 Mei utawagusa hata waliofungua jaribio tarehe 20 Aprili, kwa sababu wao hulipa mwezi Mei. Anguko linaloanza *kabla* ya tarehe ya mabadiliko, ukihesabu kwa siku ya jaribio, linanyoosha kidole kwenye hatua ya malipo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kugawa watu kwa kitu kilichokuwapo kabla hawajaona ukurasa wa bei: walikotoka, aina ya simu, ukubwa wa duka kama uliulizwa wakati wa kujisajili kwa miezi yote miwili. Makundi haya hayahami kwa sababu ya ukurasa wako. Kama walioletwa na tangazo walilipa kwa asilimia 11 Aprili na 14 Mei, na walioelekezwa na marafiki nao wamepanda, kisa ni cha pili. Kama kila chanzo kimeshuka huku kifurushi na chanzo vikikubaliana, kuna kitu kimevunjika, na hatua inayofuata ni kuhesabu wangapi wanaobonyeza kitufe cha kulipa bila malipo kukamilika.

Kama bado kuna nafasi ya kufanya jaribio la kulinganisha, gawa watu kwa bahati nasibu *kabla* ya ukurasa wa bei, nusu waone wa zamani na nusu mpya, kisha hukumu kwa jumla ya kila nusu. Nimeona majaribio mazuri yakiharibiwa mwishoni na mtu aliyetaka "kuchimba zaidi" kwa kugawa matokeo kwa kifurushi. Ugawaji wa nasibu hauwalindi watu baada ya wao wenyewe kujipanga upya.

Mipaka ya haya yote

Mabadiliko madogo kwenye kundi dogo huenda si mabadiliko. Kwa idadi za jedwali letu, anguko la kila kifurushi ni karibu mara mbili ya mtikisiko ambao bahati peke yake huuleta, kwa hiyo linastahili kuchunguzwa. Gawa kila idadi kwa 10 na hali ni nyingine. Kampuni ikiwa na majaribio 100 Aprili na 150 Mei, mtikisiko wa kawaida wa tofauti hiyo ni pointi 6 hivi, na kushuka kutoka 40 hadi 36 kunamezwa ndani yake. Usimwamshe mtu usiku kwa hilo.

Unaweza pia kushawishika kuendelea kugawa: kifurushi, kisha mkoa, kisha simu, kisha wiki. Kila ugawaji unaweza kuugeuza mwelekeo tena, na hakuna namba itakayokuambia usimame wapi. Gawa kwa kitu ambacho unaweza kueleza kwa sentensi moja jinsi kinavyogusa malipo, halafu acha.

Na hata kwenye kisa cha pili, wale 150 walioongezeka wahesabu kwa uangalifu. Mtu aliyesukumwa kwenye kifurushi cha juu anaweza kulipa mwezi wa kwanza kwa kutokuelewa, na wa pili akaondoka akilalamika. Kwa hiyo fuata kundi la Mei hadi malipo yao ya pili katikati ya Julai, ukiwatazama peke yao wa Duka na Kampuni walioingia tangu Mei mosi. Hutaweza kumjua mgeni na mwenyeji mmoja mmoja, lakini ikiwa wenyeji wa Aprili walirudia kulipa kwa kiwango fulani na kundi la Mei limeanguka mbali chini yake, sehemu ya ushindi ilikuwa ya kuazima.

Kwenye ripoti yenyewe ninaweka mistari miwili pamoja: kiwango cha jumla kama kilivyo, na kiwango kwa mgawanyo wa Aprili usiobadilishwa, ambacho kwa Mei ni 13.2. Mistari ikitengana, chini yake naandika sentensi moja inayotaja kilichohamisha mgawanyo na tarehe yake, mfano: "Mei mosi ukurasa wa bei ulianza kuuliza ukubwa wa duka, kwa hiyo soma mstari wa jumla." Kama siwezi kuiandika sentensi hiyo, uchunguzi haujaisha na ripoti haitoki.